Rubani na Fungu la Mchanga: Ishara na Istiara katika Mashairi ya Safari

Kwa miaka mingi ya kusahihisha majibu ya fasihi nimekutana na sentensi moja kuliko nyingine zote: "Barabara inaashiria maisha." Ikiwa shairi lina mto, mto unaashiria maisha au mauti. Ikiwa lina jahazi, jahazi ni maisha, bahari ni dunia, bandari ni ahera. Jibu la namna hii ni nadra kuwa kosa la moja kwa moja, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu haliwezi kukatwa alama zote wala haliwezi kusaidia mtu kusoma.

Chanzo chake si uvivu wa mwanafunzi. Ni lugha yetu yenyewe. Mtu akifa twasema ametangulia mbele ya haki. Tunamsindikiza katika safari yake ya mwisho. Dunia tunaiita mapito, na sisi wenyewe wapita njia. Aliyeishiwa na hila amefika mwisho wa njia, na aliyenusurika amevuka. Maneno haya tunayatamka sokoni na msibani bila kufikiri kwamba ni mafumbo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapolikuta shairi la safari, ufunguo anao mkononi kabla ya kuiona kufuli. Anaufungulia kila mlango, na kila mlango unampeleka katika chumba kilekile.

Kabla ya kuendelea, niseme ninavyoyatumia maneno, maana vitabu vyetu vya darasani havikubaliani. Istiara hapa ni masimulizi yenye hadithi mbili zinazokwenda sambamba: ya juu inayosomeka, na ya chini inayokusudiwa, na kila kitu muhimu cha juu kina mwenzake chini. Isichanganywe na sitiari, ambayo ni mlinganisho wa papo hapo katika kifungu kimoja. Ishara ni kitu kinachobaki kuwa kitu chenyewe ndani ya shairi, lakini kinabeba maana inayozidi umbo lake, maana isiyokwisha kwa kutajwa. Mshairi Mjerumani Goethe aliitenga tofauti hii kwa njia ambayo bado inafaa: yuko mtunzi anayeanza na wazo la jumla kisha akalitafutia kitu cha kuliwakilisha, na yuko anayekitazama kitu kimoja hasa mpaka lile la jumla likaonekana ndani yake. Goethe aliona njia ya pili ndiyo ushairi wenyewe. Hapo simfuati. Tenzi zetu zina istiara bora kabisa, na kuiita istiara daraja la chini ni kujifungia nje ya sehemu kubwa ya ushairi wa pwani. Swali langu ni jinsi ya kuzijua, si ipi iketi mbele.

Nimetunga beti mbili ili tuwe na kitu mezani. Huu ni wa kwanza:

Nilipanda jahazini, tanga lake ni subira,
Nanga yake ni imani, na dira yake fikira,
Na mawimbi ya njiani, ni tamaa na hasira,
Nitashuka bandarini, nipokewe kwa bishara.

Na huu ni wa pili:

Kivuko kimesimama, upande tuliotoka,
Naona kanga ya mama, kambani inakauka,
Maji yamerudi nyuma, matope yameibuka,
Injini ikinguruma, sijui kama navuka.

Zote mbili ni za kuvuka maji. Mizani ni ileile, nane kwa nane. Lakini jaribu kuibadilisha njia ya usafiri. Jahazi la ubeti wa kwanza lifanye basi: magurudumu yawe subira, breki ziwe imani, taa ziwe fikira, na mashimo ya barabara yawe tamaa na hasira. Kituoni utapokewa kwa bishara kama awali. Shairi limepoteza sauti ya bahari, lakini halijapoteza jambo lolote lililokuwa likisema. Hadithi ya chini ndiyo iliyokuwa ikiendesha, na chombo cha juu kilikodiwa. Angalia pia jahazi lenyewe: lina nanga na dira, lakini halina nahodha, halina mzigo, wala hakuna anayejua upepo unavuma kutoka wapi. Baharia angeuliza. Msomaji haulizi, kwa sababu tangu kipande cha pili cha mshororo wa kwanza ameshaambiwa kwamba tanga ni subira, na tanga la subira halihitaji upepo wa kaskazi.

Sasa ubadilishe ubeti wa pili. Ukikifanya kivuko kuwa basi, maji hayana pa kurudi wala matope hayana pa kuibukia. Ile hali ya injini kufanya kazi huku chombo kikiwa palepale, kwa sababu maji yamepwa, inatoweka. Na ukijaribu kuvipa vitu wenzao, unakwama upesi. Kanga ni upendo wa mama? Basi matope ni nini? Kama matope ni umaskini, injini ni elimu, na maji kurudi nyuma je? Unaona jinsi kila jibu linavyozidi kuwa la kubahatisha, wala halimsaidii mwenzake. Hata hivyo hakuna msomaji atakayesema ubeti huu unahusu ratiba ya vivuko tu. Kuna mtu anayeondoka na hajaondoka, na maana hiyo imekaa ndani ya kivuko hikihiki, maji hayahaya, saa hiihii ya kupwa.

Mpaka hapa mifano yangu ni rahisi, kwa kuwa niliitunga iwe hivyo. Mashairi halisi hayako hivyo, na lile linalonifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni la Mwingereza Alfred Tennyson, ambalo kichwa chake kwa Kiswahili kingekuwa "Kuvuka Fungu". Ni fupi, beti 4 za mishororo minne minne. Tennyson alilitunga mwaka 1889, akiwa na miaka 80 na akiwa ametoka katika ugonjwa mkubwa, alipokuwa akivuka mlango-bahari wa Solent kwenda nyumbani kwake katika kisiwa cha Wight. Alisema lilimjia ghafla. Baadaye alimwagiza mwanawe aliweke mwisho wa kila toleo la mashairi yake, na kwa Waingereza wengi limekuwa shairi la mazishini. Kwa hiyo nalo linasomwa kwa ufunguo uliokwisha kuchongwa: bahari ni mauti, bandari ni maisha, rubani ni Mungu, basi.

Lakini lisome kama mtu wa pwani. Msemaji yuko bandarini jioni, jua limetua, nyota imetoka. Mbele yake, kwenye mdomo wa bandari, kuna fungu la mchanga ambalo chombo lazima kipite juu yake ili kifike kina kirefu. Anaomba fungu hilo lisilie atakapotoka. Wazo hili si la kupamba. Maji yakiwa haba juu ya fungu, mawimbi huvunjikia pale na kutoa mngurumo mzito unaosikika mbali, na baharia akiusikia hujua kupita ni hatari. Anachotaka msemaji ni maji yaliyojaa kiasi kwamba hayana povu wala sauti, yanayokwenda na kuonekana kama yamelala. Sisi tunaokaa kwenye pwani ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka hata zaidi ya mita 3 tunaijua saa hiyo. Maji yamejaa pomoni, yanatulia kidogo kana kwamba yamesahau kazi yao, kisha yanaanza kupwa na kuvuta kila kitu kuelekea nje. Tennyson anasema kilichotoka katika kilindi kinarudi tena nyumbani. Mara moja unasikia kwamba anazungumzia zaidi ya maji. Lakini anachokisema ni kweli kwa maji kwanza. Mkondo unaokitoa chombo bandarini ni ule unaorudi ulikotoka. Kifo hakijawekwa juu ya bahari kama lebo, kimeonekana ndani ya tabia yake.

Hiyo ndiyo ishara ikifanya kazi. Na njia ya kuithibitisha ni kuuliza: hadithi mbili zikivutana, ni ipi inayoshika usukani? Katika beti 3 za kwanza hazivutani kamwe. Kila anachokitaka mtu anayekufa, yaani utulivu, kutoliliwa, kuondoka bila kelele, ndicho anachokitaka pia baharia anayevuka fungu. Mtu angeweza kulisoma hadi hapo bila kuyawaza mauti, akapata shairi kamili la kutoka bandarini.

Kisha unakuja ubeti wa nne, na mambo yanageuka. Kwanza Mahali na Wakati vinatajwa kama nchi yenye mpaka inayoachwa nyuma. Hakuna baharia anayetoka nje ya Mahali. Halafu anatajwa Rubani, kwa herufi kubwa, na msemaji anatumaini kumwona uso kwa uso atakapokuwa amekwisha kuvuka fungu. Hapa watu wanaoijua bahari walipinga, na walikuwa na haki. Rubani wa bandari si nahodha. Ni mjuzi wa mahali pale, hupanda chombo ili akipitishe kwenye mafungu na miamba, na chombo kikifika maji makuu yeye hushuka na kurudi zake. Kwa hiyo kuvuka fungu ni wakati wa kuagana na rubani, si wa kuonana naye. Tennyson aliufahamu ukosoaji huu akaujibu: rubani alikuwa chomboni muda wote, ila gizani hakuonekana. Akaeleza pia kwamba kwa Rubani alimkusudia Mungu asiyeonekana anayetuongoza daima.

Jibu hilo halinitoshelezi kama maelezo ya bahari, kwa sababu rubani anayepitisha chombo gizani ndiye mtu ambaye sauti yake kila mmoja chomboni anaisikiliza. Lakini linaonyesha vizuri kilichotokea. Hadithi mbili zimevutana, na ya chini imeshika usukani: imani inataka Mungu aonekane baada ya mauti, basi rubani lazima aonekane baada ya fungu, hata kama bandari hazifanyi hivyo. Mshono umeonekana. Shairi limetoka kwenye ishara likaingia kwenye istiara katika mishororo yake ya mwisho, na msomaji makini anaweza kuweka kidole mahali hasa lilipogeukia.

Kinachonivutia ni kwamba malalamiko yale yenyewe ni ushahidi. Hakuna anayelalamikia jahazi langu la subira kwa kukosa nahodha. Vilevile hakuna anayelalamikia shairi la Christina Rossetti, "Kupanda Mlima", lililotoka mwaka 1861. Humo msafiri anauliza na sauti nyingine inamjibu: je, njia inapanda hadi mwisho, je, safari itachukua siku nzima, je, usiku kuna pa kulala, nikifika nibishe hodi? Sauti inamwambia njia inapanda mpaka mwisho kabisa, nyumba ya wageni haiwezi kumpotea, na vitanda viko kwa wote wajao. Mwenye gesti yeyote angecheka kusikia vitanda havijai. Lakini msomaji hachukui hesabu hiyo, kwa sababu njia ile haikuwahi kuwa njia. Haina jina, haina vumbi, haina anayekutana naye ila waliotangulia. Rossetti alikuwa mwaminifu kwa istiara tangu swali la kwanza, na nguvu ya shairi lake iko katika ukavu wa yale majibu, si katika mandhari. Tennyson alitufundisha kwa beti 3 kuamini bahari yake, ndiyo maana katika ubeti wa nne tukamdai.

Hapo pana kosa ambalo msomaji hulifanya kwa pande zote mbili. La kwanza ni kulidai shairi la istiara liheshimu sheria za barabara halisi, na kulihukumu kuwa dhaifu lisipofanya hivyo. La pili, ambalo ni la kawaida zaidi, ni kulifanya shairi la ishara liwe istiara kwa nguvu, na mhanga mkuu wa kosa hili ni "Njia Ambayo Haikufuatwa" ya Mmarekani Robert Frost, iliyochapishwa mwaka 1915. Watu wanalinukuu kwenye mahafali kama istiara ya ujasiri: njia mbili ni maamuzi mawili, moja ya wengi na moja ya wachache, na aliyefuata ya wachache akafaulu. Shairi lenyewe linasema waziwazi kwamba njia zile mbili zilikuwa zimechakaa karibu sawa, na kwamba asubuhi ile zote zilifunikwa na majani yasiyokanyagwa. Ile habari ya kuchagua njia isiyopitwa na wengi ni jambo ambalo msemaji anatabiri kwamba atalisimulia siku za uzeeni, kwa kushusha pumzi. Frost alilitunga akimfikiria rafiki yake Edward Thomas, ambaye katika matembezi yao ya mashambani Uingereza alikuwa akijutia njia ambayo hawakuifuata, hata wangefuata ipi. Njia mbili zilizo sawa haziwezi kubeba istiara ya mema na mabaya. Zinaweza kubeba kitu kingine, kile kidonda cha mtu anayejua kwamba kuchagua kumemnyima kitu lakini hajui kumemnyima nini. Ufunguo ukiulazimisha hapo, majani yale yote yanakuwa takataka za kurukwa.

Pana hali moja ambapo haya ninayosema yanapungua nguvu. Istiara nyingine haitoi ufunguo wake ndani ya shairi. Abdilatif Abdalla aliandika mwaka 1968 kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi?, swali la safari lililoulizwa bila kifuniko, akafungwa miaka 3 kwa ajili yake. Mashairi aliyotunga gerezani yalitoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, na mojawapo, "Mamba", ni la mnyama mtoni anayejiona hana wa kumweza. Ukilisoma bila kujua mtunzi alikuwa wapi na nani alimweka huko, mamba anaweza kubaki mamba, na hilo ni kwa makusudi. Mshono umefichwa kwa ustadi kwa sababu ukionekana kuna gharama. Katika mashairi ya namna hii jaribio la mvutano halitoshi, kwani mtunzi amejihadhari hadithi ya juu isikosee popote. Inabidi kujua historia. Na hata baada ya kuijua, ninapima kama ulinganifu unashika kwa vitu vingi mfululizo, maana kitu kimoja kinachofanana na mtawala hakijafanya shairi zima kuwa la siasa.

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unazo njia zote mbili katika kazi moja, na ningependa ufundishwe kwa ajili hiyo. Mshairi anapouonya moyo wake kwamba dunia ni bahari iliyochafuka yenye matumbawe, na anayeipanda amekwisha kupata hasara, hiyo ni mbegu ya istiara: dunia imetajwa, bahari imetajwa, na hatuhitaji kujua ni bahari ipi. Lakini anapofika kwenye majumba ya Pate, ambamo vidaka vilivyokuwa na vyombo vya kauri sasa ni viota vya ndege, halinganishi tena. Majumba yale yalikuwepo na yalianguka. Uharibifu wa dunia yote unaonekana katika vidaka vilevile, na ukiviondoa ukabakiza fundisho, umebaki na fundisho ambalo kila mtu alikwisha kulisikia msikitini.

Ubeti wangu wa kivuko niliwahi kuuweka ubaoni bila kusema ni wa nani. Wanafunzi wakaanza kama kawaida: kivuko ni maisha, mama ni marehemu, kanga ni kumbukumbu, anayevuka anakwenda kaburini. Msichana mmoja aliyekulia karibu na maji akanyamaza mpaka zamu yake ikafika. "Mwalimu, kanga bado inakauka," akasema. "Basi kuna aliyeifua leo asubuhi." Nilipoutunga sikuwa nimeliona hilo. Tukarudi mshororo wa kwanza tukausoma upya, safari hii mama akiwa hai, nyumbani, amekwisha kufua, na mwanawe amesimama kwenye kivuko kisichoondoka akiitazama nguo yake yenye maji.